Fumbo Halijaisha Mpaka Kila Dokezo Likubali

Wapenzi wa mafumbo ya mantiki wana mazoea mamoja mabaya. Wakishajaza kisanduku cha mwisho huweka kalamu chini na kusema wamemaliza. Kujaza visanduku ni kazi moja, na kujua kwamba ulivyovijaza ni sawa ni kazi nyingine kabisa. Leo nataka kuizungumzia hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo inayorukwa, na ni fupi kuliko ya kwanza.

Mafumbo haya yameingia siku hizi hata kwenye mitihani ya kuajiriwa. Vijana wetu waliotoka Pwani wakaenda kusoma au kutafuta riziki Thika, Juja na Ruiru wanakutana nayo mara kwa mara: watu watano wameketi kwenye benchi, kila mmoja ana kazi yake na rangi yake ya shati, nani yuko wapi? Nilipokuwa Ruiru kwa mpwa wangu, niliwakuta yeye na wenziwe wakibishana juu ya fumbo la namna hiyo. Watatu kati yao wana majibu matatu, na kila mmoja anaapa lake ndilo. Nikaona hapa hapafai ubishi. Fumbo la mantiki lina hakimu wake ndani yake, nayo ni yale madokezo yaliyoandikwa kwenye karatasi.

Ili tufuatane vizuri nimetunga fumbo la hukohuko, la matatu inayotoka Thika kwenda Nairobi. Chukua karatasi.

Fumbo la matatu ya Thika

Abiria watano walipanda Thika. Kila mmoja alishuka kituo chake peke yake, na kila mmoja alikuwa na mzigo wa aina yake. Vituo, kwa mpangilio wa safari, ni Juja, Ruiru, Githurai, Roysambu na Pangani. Abiria ni Asha, Bakari, Kamau, Mwanaisha na Wanjiru. Mizigo ni kahawa, mananasi, nazi, vitabu na mkeka. Mananasi na kahawa ni mazao ya huko huko. Mashamba ya mananasi yanajulikana Thika, na aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, imepewa jina la mji huo kwa sababu ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kahawa. Nazi na mkeka, bila shaka, vimetoka kwetu.

Madokezo ni haya:

1. Aliyebeba kahawa alishuka Juja.
2. Asha alishuka kituo kimoja tu kabla ya mwenye nazi.
3. Mwenye mananasi alishuka kabla ya mwenye nazi.
4. Wanjiru na Bakari walishuka vituo viwili vinavyofuatana.
5. Kamau alishuka kabla ya Wanjiru.
6. Asha alishuka kabla ya Bakari.
7. Mwenye mkeka alishuka baada ya Bakari.
8. Mwanaisha alishuka baada ya mwenye vitabu.
9. Bakari hakubeba nazi.

Abiria watano wanaweza kugawanywa kwenye vituo vitano kwa njia 120, na mizigo vilevile kwa njia 120. Ukizidisha unapata mipangilio 14,400. Kuitafuta iliyo sahihi ndani ya hiyo yote kunahitaji akili. Lakini mtu akikuletea mpangilio mmoja mkononi akasema ndio huu, unayo maswali tisa tu ya kuuliza. Hapo ndipo ulipo wepesi wa kuhakiki. Kutafuta kunakua haraka mno fumbo linapokuwa kubwa, bali kuhakiki kunaongezeka kidogo kidogo, dokezo kwa dokezo. Lile fumbo mashuhuri la pundamilia, lililochapishwa na jarida la Life International tarehe 17 Desemba 1962, lina nyumba tano na mambo matano kwa kila nyumba. Mipangilio yake inapita bilioni 24, na bado ukipewa jibu unaweza kulipima kwa dakika chache ukiwa umekaa barazani.

Jibu linalofanana na jibu

Sasa tuseme kijana mmoja amefanya kazi yake na kuleta mpangilio huu:

Juja: Kamau, kahawa
Ruiru: Asha, mananasi
Githurai: Bakari, nazi
Roysambu: Wanjiru, vitabu
Pangani: Mwanaisha, mkeka

Kabla ya kugusa dokezo lolote, kuna jambo la kwanza: hesabu majina. Je, kila abiria ametokea mara moja tu? Kila mzigo mara moja tu? Kila kituo kina mtu? Hili watu hulidharau, lakini mara nyingi mtu aliyefutafuta kwa kalamu ya risasi hujikuta ameandika nazi mara mbili na mkeka hauonekani popote. Hapa majina matano yapo, mizigo mitano ipo. Tuendelee.

Vipe vituo namba ili usitegemee macho: Juja 1, Ruiru 2, Githurai 3, Roysambu 4, Pangani 5. Namba hizi zinakuondolea pia tatizo la neno «mbele». Mtu anayetoka Thika, Githurai iko mbele ya Ruiru. Anayetoka Nairobi, Ruiru ndiyo iliyo mbele ya Githurai. Ukishaandika 2 na 3, ubishi huo umekwisha.

Dokezo la 1: kahawa iko 1. Ndiyo.
Dokezo la 2: Asha yuko 2, nazi iko 3, tofauti ni moja kamili. Ndiyo.
Dokezo la 3: mananasi 2, nazi 3. Ndiyo.
Dokezo la 4: Wanjiru 4, Bakari 3, wanafuatana. Ndiyo.
Dokezo la 5: Kamau 1, Wanjiru 4. Ndiyo.
Dokezo la 6: Asha 2, Bakari 3. Ndiyo.
Dokezo la 7: mkeka 5, Bakari 3. Ndiyo.
Dokezo la 8: Mwanaisha 5, vitabu 4. Ndiyo.
Dokezo la 9: Bakari hakubeba nazi. Bakari yuko 3, na nazi iko 3. Hapana.

Madokezo manane yamekubali, moja limekataa. Kwenye mtihani wa shule, nane kwa tisa ni alama nzuri. Kwenye fumbo la mantiki, jibu lenye nane kwa tisa ni kosa sawa na jibu lenye mbili kwa tisa. Hakuna karibu-karibu.

Tazama pia ni dokezo gani lililokataa. Ni la mwisho, ni fupi, na ni la kukanusha. Madokezo ya aina hii ndiyo yanayosahaulika zaidi. Linalosema «alishuka Juja» linaandikwa mara moja kwenye kisanduku, na mtu halisahau. Linalosema «hakubeba nazi» halikupi cha kuandika, linakuondolea tu kitu kimoja, kwa hivyo mtu hulisoma mwanzoni, akaliweka kando, na visanduku vikijaa hana tena sababu ya kulirudia. Ndiyo maana napendelea kuanza kuhakiki kutoka dokezo la mwisho kurudi la kwanza. Ya mwanzo uliyatumia sana ulipokuwa unatafuta. Ya mwisho huenda hukuyagusa kabisa.

Usijipime kwa maandishi yako mwenyewe

Kuna namna ya kuhakiki isiyo na faida yoyote. Mtu anachukua karatasi yake ya kazi, yenye alama za mkasi na vema, anapitia hatua zake moja moja, na kila hatua anaiona sawa. Haoni kwamba kosa liliingia alipolisoma dokezo, si alipofikiri. Akiwa ameandika kwenye karatasi yake «Asha kabla ya nazi», hiyo ndiyo atakayoipima, na maneno «kituo kimoja tu» yameshapotea tangu asubuhi.

Kwa hiyo funika kazi yako. Acha mbele yako vitu viwili tu: mpangilio wa mwisho na madokezo kama yalivyochapishwa. Soma dokezo neno kwa neno, kwa sauti ukiweza, weka kidole kwenye jina, kidole cha pili kwenye mzigo, taja namba zote mbili. Na usiandike alama ya vema peke yake. Andika namba zenyewe: «2 na 3», «1 na 4». Alama ya vema inaweza kuwekwa na mkono uliochoka, lakini namba zinakulazimisha kutazama.

Ukiwa na mwenzio, mpe yeye madokezo nawe ushike mpangilio. Yeye anasoma, wewe unajibu kwa namba tu. Yule anayesoma hajui ulivyofikiri, na hiyo ndiyo faida yake.

Kurekebisha bila kubomoa

Dokezo la 9 limekataa. Tufanyeje? Hapa ndipo wengi wanapoharibu zaidi. Kijana anaona tatizo ni nazi mikononi mwa Bakari, basi anabadilisha mizigo miwili: vitabu anampa Bakari pale Githurai, nazi anampa Wanjiru pale Roysambu. Analisoma tena dokezo la 9, limekubali, anafurahi, anakunja karatasi.

Lakini nazi sasa imehamia kituo cha 4, na Asha bado yuko 2. Dokezo la 2 linataka kituo kimoja tu kati yao. Limevunjika. Ameziba tundu moja la mtumbwi kwa ubao alioung'oa mahali pengine. Na tazama hatari yake: mtu aliyelisoma dokezo la 2 kwa haraka, akaelewa ni «kabla» tu, angelipitisha, maana 2 ni kabla ya 4. Makosa mawili yangefichana.

Tujaribu njia nyingine. Tuache mizigo palepale ilipo, tubadilishe watu: Wanjiru ashuke Githurai, Bakari ashuke Roysambu.

Juja: Kamau, kahawa
Ruiru: Asha, mananasi
Githurai: Wanjiru, nazi
Roysambu: Bakari, vitabu
Pangani: Mwanaisha, mkeka

Ukibadilisha kitu, kila dokezo linalokitaja lazima lipimwe upya. Hapa tumewahamisha Wanjiru na Bakari, na wanatajwa kwenye madokezo ya 4, 5, 6, 7 na 9. La 4: Wanjiru 3, Bakari 4, wanafuatana. La 5: Kamau 1, Wanjiru 3. La 6: Asha 2, Bakari 4. La 7: mkeka 5, Bakari 4. La 9: Bakari 4, nazi 3, hakuibeba. Yote matano yamekubali. Yale ya 1, 2, 3 na 8 hayakuwataja hao wawili, na yalishakubali. Mimi kwa desturi yangu huyapima yote tisa tangu mwanzo, kwa kuwa ni kazi ya nusu dakika na inaniepusha na kukosea kuhesabu ni yapi yaliyoguswa.

Jambo moja la kukumbuka: dokezo linapokataa halikwambii kosa liko wapi. Linakwambia tu kwamba liko. Hapa ilitosha kubadilisha watu wawili. Mara nyingine kosa liliingia hatua ya pili na kila kilichofuata kimejengwa juu yake. Kama marekebisho mawili ya haraka yameshindikana, usiendelee kupapasa. Chukua karatasi mpya.

Jibu limekubalika. Je, ni la pekee?

Hapa kuna tofauti ambayo hata wazoefu huichanganya. Kupima madokezo yote kunathibitisha kwamba mpangilio wako haupingani na fumbo. Hakuthibitishi kwamba hakuna mwingine.

Mfano tunao mkononi. Tuseme mchapaji amelisahau dokezo la 9. Basi jibu la kwanza la yule kijana, lenye Bakari na nazi pale Githurai, linakubalika na madokezo yote manane yaliyobaki. Na jibu letu la pili nalo linakubalika na yote manane. Vijana wawili wanakaa meza moja, kila mmoja amehakiki kwa uangalifu, kila mmoja yuko sahihi, na majibu hayafanani. Kwa hiyo ukiona majibu mawili tofauti, swali la kwanza ni hili: lipo dokezo linalokubali moja na kukataa lingine? Kama lipo, aliyekataliwa amekosea. Kama halipo, ila iko kwenye fumbo lenyewe, na watu wawili hawana haja ya kukasirikiana.

Kuthibitisha upekee kunataka kurudi kwenye kutafuta, lakini kwa utaratibu. Shika kitu kimoja, ukijaribu kila mahali kinapoweza kukaa. Mimi namshika Asha.

Asha akishuka Juja, nazi iko Ruiru, na mananasi lazima yawe kabla yake, yaani Juja. Lakini Juja ni pa kahawa. Haiwezekani.

Akishuka Githurai, Bakari yuko baada yake, na Wanjiru anamfuata au kumtangulia Bakari, basi hao wawili wanachukua Roysambu na Pangani. Kamau na Mwanaisha wanabakiwa na Juja na Ruiru. Mwanaisha anataka mwenye vitabu ashuke kabla yake, na kituo pekee kinachoweza kuwa kabla yake ni Juja, penye kahawa. Haiwezekani.

Akishuka Roysambu, Bakari lazima ashuke Pangani, na Wanjiru hana kituo cha kufuatana naye, maana Roysambu ni pa Asha. Haiwezekani.

Akishuka Pangani, hakuna kituo kilichobaki kwa mwenye nazi. Haiwezekani.

Basi ni Ruiru tu, na nazi iko Githurai. Mananasi lazima yawe kabla ya nazi, na Juja ina kahawa, kwa hiyo mananasi ni ya Asha mwenyewe. Wanjiru na Bakari wanafuatana baada ya Ruiru. Wangekuwa Roysambu na Pangani, Mwanaisha angebaki na Juja au Githurai, na vitabu visingepata mahali kabla yake, kwa kuwa Juja ni kahawa na Ruiru ni mananasi. Kwa hiyo wako Githurai na Roysambu. Kamau, aliye kabla ya Wanjiru, anashuka Juja, na Mwanaisha anabaki na Pangani. Vitabu, vilivyo kabla ya Mwanaisha, ni vya Roysambu, na mkeka ni wa Pangani. Dokezo la 9 linamtoa Bakari kwenye nazi. Mpangilio ni mmoja tu.

Umegundua kitu? Katika hoja hii yote sikulitumia dokezo la 7 hata mara moja. Mkeka ulifika Pangani wenyewe. Dokezo la namna hiyo usilione la bure. Kwa kuwa halikushiriki kutengeneza jibu, ni kama shahidi aliyekuja kutoka nje. Lililotumika linaweza kukubali kwa sababu wewe mwenyewe ulijenga juu yake, lakini lisilotumika likikubali limekubali kwa hiari yake. Na likikataa, jua una kosa mahali ulipodhani una uhakika.

Nawaachia kazi moja ya jioni. Lifute dokezo la 6, lile linalosema Asha alishuka kabla ya Bakari, yabakie manane. Mpangilio wetu bado unakubalika, lakini hauko peke yake tena: inakuwa mipangilio saba. Huu hapa mmoja wa hiyo mingine: Kamau na kahawa Juja, Wanjiru na vitabu Ruiru, Bakari na mananasi Githurai, Asha na mkeka Roysambu, Mwanaisha na nazi Pangani. Upimeni kwa madokezo manane, kwa namba, kuanzia la 9 kurudi nyuma, kisha mtafute mitano iliyobaki.